Meno meusi ya watoto wetu: tusikatae dawa, tukatae namna ilivyoletwa

Sisi wa sendika tumezoea kuitwa juu ya mishahara, juu ya viatu vya kazi vinavyopasuka mbele ya wakati, juu ya mutu aliyefukuzwa bila barua. Safari hii tuliitwa juu ya meno ya watoto. Jumamosi moja asubuhi, mbele hatujafungua mlango wa ofisi, wamama karibu kumi na tano walikuwa wanatungojea inje na watoto wao. Mama mumoja alimushika binti yake kidevu, akamufungua kinywa, akatuambia: “Papa delege, angalia mwenyewe. Batoto ya bakubwa banabafunga meno na dawa nyeupe, batoto yetu banabapakala makala!”

Tukaangalia. Ni kweli, mutoto alikuwa na meno mawili ya mbele meusi kabisa, na mengine ya nyuma vilevile. Shati yake ya masomo ilikuwa na matone meusi pa kola, na mama alisema ameifua mara tatu, haitoki.

Habari ilikuwa hivi. Dispanseri ya kampani ilituma munganga wa meno na anfirmye ku masomo ya matenele ya kartye yetu. Walipita darasa kwa darasa, wakaangalia vinywa, wakapaka dawa kwa watoto waliokuwa na meno yenye kuoza. Wazazi hawakuitwa. Waliambiwa tu kama “kutakuwa vizite ya meno”. Mangaribi, mutoto anarudi ku nyumba na meno meusi. Siku ya pili yake, wengine walisema ni sumu ya mine, wengine wakasema wanajaribu dawa ju ya watoto wa watu masikini. Kiisha juma moja direksyo ikaogopa makelele, ikasimamisha kazi yote. Wamama walikuja kutuomba tudai malipo.

Tulienda kudai. Lakini tulipouliza vizuri, na tulipomufuata munganga huyo mpaka akatueleza kila kitu, tulikuta tulikuwa na hasira ya haki, ila tuliitupa pahali si pake. Dawa yenyewe ni nzuri. Namna walivyoileta njo ilikuwa mubaya. Na kuisimamisha katikati ni kosa la pili, na kosa hilo la pili litawaumiza watoto kuliko la kwanza. Njo maana tunaandika.

Dawa ni gani? Jina lake la kitabu ni floridi diamini ya feza. Ku chupa wanaandika SDF 38%. Sisi tutaiita dawa ya feza, kwani ndani yake mna feza ya kweli, ile ya pete na mikufu, iliyoyeyushwa katika maji pamoja na floridi na amonia. Feza inaua vidudu vinavyokula jino. Floridi inasaidia jino lililolegea likauke na kuwa gumu tena. Amonia iko pale ili maji yale yasiharibike. Haikutengenezwa kwa ajili ya Afrika, wala haikuletwa kwetu kujaribiwa. Wajapani wanaitumia tangu karibu 1970. Ku Hong Kong wameipaka kwa watoto wa masomo ya matenele miaka mingi, na ku New York wanganga na waanfirmye wameipaka ndani ya masomo ya serikali. Mwaka 2021, Shirika la Afya la Dunia, ile OMS, iliiweka mu liste yake ya dawa za lazima, ya wakubwa na ya watoto.

Sasa ule weusi. Tuliuliza swali hili mbele ya yote, na munganga alitujibu bila kutufichia. Feza ikiingia mu sehemu ya jino iliyooza, inabaki pale. Mwangaza na vitu vilivyo ndani ya jino lililooza vinaigeuza nyeusi. Mwenye pete ya feza ya zamani anajua rangi hiyo. Jino zima, lenye ganda lake la nje gumu, halipati rangi ile. Kwa hiyo weusi unafuata uozo: pale palipokuwa tundu la rangi ya kahawa, pale njo panakuwa peusi. Mutoto mwenye tundu dogo atapata doa dogo. Mutoto ambaye jino lake la mbele limelika karibu lote, jino lote litaonekana jeusi, na hapo uso wake unabadilika.

Dawa ikigusa mdomo ao ngozi, inaacha doa la rangi ya kahawa ambalo linatoka lenyewe kwa siku chache ao juma moja, mbili. Ikigusa nguo, haitoki. Shati ya yule binti ilikufa siku ile, na hiyo njo kasoro ya aliyepaka: hakumuvika mutoto kitambaa ju ya kifua. Lakini doa la jino haliondoki kwa kusugua, wala kwa dawa ya meno, wala kwa ndimu. Litabaki mpaka jino lenyewe lidondoke, ao mpaka munganga alifunike na simenti ya meno.

Kuna neno moja ambalo wamama hawakuambiwa, na lingewatuliza wengi. Weusi ule, ukiwa mugumu, njo alama kama dawa imefanya kazi. Jino linaloendelea kuoza ni laini. Ukilikwaruza polepole na chombo cha munganga, linaachia kitu kama jibini ao ngozi iliyolowa. Jino lililosimama kuoza ni jeusi, linang'aa, na chombo kinateleza ju yake kama ju ya jiwe. Kama kiisha kupaka sehemu ingali laini na ina rangi ya kahawa, dawa haijashika, na inafaa kurudilia. Kwa hiyo rangi peke yake haitoshi. Kinachosema ukweli ni ugumu. Mutu anayesema “ni jeusi, basi limepona” bila kuligusa hajafanya kazi yake.

Tuchukue yule binti tuliyemuona pa mlango, tumufuate mpaka mwisho, juu mwenzetu baba yake ametukubalia tuandike bila jina. Mutoto alikuwa na miaka mitano na kilo 16. Meno sita yalikuwa na tundu: mawili ya mbele juu, na manne ya nyuma. Moja la nyuma, chini upande wa kuume, lilikuwa na kijipu kidogo ju ya ufizi, na mama yake alisema mutoto alikuwa akiamka usiku akilia.

Lile lenye kijipu, munganga hakulipaka. Na alifanya vizuri. Jino linalouma lenyewe usiku, ao lenye jipu, ao lililofanya shavu kuvimba, uozo umekwisha kufika ndani kabisa, mahali mwa mshipa. Dawa ya feza haifiki pale. Ukilipaka jino kama hilo, linageuka jeusi inje, na ndani usaha unaendelea. Mzazi anafikiri mutoto amepona, kumbe ugonjwa unatembea. Jino kama hilo linang'olewa, ao linatibiwa ndani na munganga wa meno. Hapo ku masomo, jina la mutoto liliandikwa aende ku hopitali. Lakini karatasi hiyo ilibaki ku dispanseri. Mama hakuiona. Tutarudilia neno hili.

Meno matano yaliyobaki yalipakwa. Kazi yenyewe si ndefu, na wazazi wakiiona hawataogopa. Hakuna sindano, hakuna mashini yenye kulia, hakuna kuchimba jino. Midomo inapakwa vazelini, ili dawa isiiguse. Uchafu wa chakula unatolewa, jino linazungushiwa pamba na kukaushwa, kwani mate yanapunguza nguvu ya dawa. Tone moja linawekwa ndani ya kisahani cha plastiki. Hakiwezi kuwa cha chuma wala cha glasi, juu dawa inaviharibu. Munganga anachovya burashi kadogo kama kichwa cha kiberiti, anasugua ndani ya tundu karibu dakika moja, kiisha anapangusa yaliyobaki na pamba. Mutoto anasikia ladha ya chuma, anakunja uso, basi. Kwa kadiri ya dakika 30 hivi anaachwa bila kula wala kunywa.

Kipimo nacho tulikiuliza, kwani mutoto si mutu mukubwa mudogo. Wanaofuata utaratibu wanahesabu tone moja kwa kila kilo 10 za mutoto kwa siku moja, wala hawapiti hapo. Binti wa kilo 16 anastahili tone moja. Tone moja linatosha meno kama matano. Hesabu ilikuwa sawa. Na munganga anauliza kwanza kama mutoto hana aleji ya feza, na kama ufizi ao kinywa hakina vidonda, kwani dawa ingewachoma. Mutoto mwenye vidonda mu kinywa anangojea vipone.

Kufika hapa, mutu wa dispanseri angesema: munaona, kazi ilifanywa vizuri. Hapana. Kazi ya mkono ilifanywa vizuri kadiri, nje ya lile shati. Lakini dawa ya feza si chanjo ya siku moja. Hapa njo pahali ambapo kusimamishwa kwa ile programu kunatuumiza.

Ku Hong Kong walifuata watoto wa matenele zaidi ya 800 kwa miezi 30. Wale waliopakwa dawa ya 38% mara moja kwa mwaka, karibu tundu 67 juu ya 100 zilisimama kuoza. Wale waliopakwa mara mbili kwa mwaka, kila miezi sita, karibu tundu 76 juu ya 100. Hata kwa mara mbili, kuna tundu ambazo hazisimami. Meno ya mbele yanasikia dawa kuliko ya nyuma, kwani ni rahisi kuyasafisha na kuyakausha. Yule aliyekuambia kama dawa hii inaponya meno yote amekudanganya, na yule anayepaka mara moja kisha anapotea amefanya nusu ya kazi, akaacha weusi wote.

Binti yetu alikuwa katika hatari hiyo. Programu ilisimamishwa, hakuna tarehe ya kurudi. Sendika ikamuomba yule munganga amuone tena, na kiisha miezi sita alimuona. Meno mawili ya mbele yalikuwa meusi, magumu, yanang'aa. Mawili ya nyuma vilevile. La tano, la nyuma juu, lilikuwa limebaki laini. Munganga alituonyesha sababu: tundu hilo lilikuwa kati ya meno mawili, mahali ambapo vitumbula na biskwi vinajificha na burashi haifiki. Akalisafisha, akapaka tena dawa ya feza, kisha akalifunika na simenti ile nyeupe ya meno inayokaa bila kuchimba. Simenti hiyo inaziba tundu, chakula hakiingii tena, na pale ju rangi nyeusi haionekani sana, ijapokuwa kivuli kinaweza kuonekana pembeni.

Lile jino la kijipu lilikuwa tayari limeng'olewa, kwani wiki ile ile wamama walipokuja pa ofisi tulimulazimisha baba yake amupeleke mutoto. Baba alilipa kwanza mwenyewe, na ilitufaa mapigano ya barua mbili ili arudishiwe falanga zake. Jambo hili halikupashwa kuwa mapigano. Sheria ya kazi ya mwaka 2002 inasema muajiri anapashwa kuwapa mutumikaji na jamaa yake matunzo ya ugonjwa, na matunzo ya meno yamo ndani.

Sasa tufike ku neno linalotugawanya sisi wenyewe. Katika mukutano wetu, ndugu mumoja wa posti ya usiku alisimama akasema: “Kama dawa ni nzuri vile, mbona batoto ya ba enjinyeri habakupakwa?” Watu wakapiga mikono. Swali lake ni la haki na linastahili jibu kamili.

Jibu la kwanza: watoto wa matajiri nao wanapakwa, inje ya inchi. Mwaka 2017 ku New York waliwaonyesha wazazi picha za meno yaliyopakwa wakawauliza. Karibu wawili juu ya watatu walikubali weusi ku meno ya nyuma. Kwa meno ya mbele, hawakufika hata mumoja juu ya watatu. Lakini walipoulizwa: na kama njia ingine ni kumulaza mutoto kabisa na dawa ya usingizi ku hopitali ili atengenezwe? Hapo wazazi wengi walibadili, wakakubali hata ku meno ya mbele. Wazazi wa New York na wamama wa kartye yetu wana moyo mumoja. Wanaogopa mutoto achekwe. Na wakijua ni kitu gani wanachopima nacho, wanachagua kwa akili. Tofauti ni moja: wale waliulizwa, sisi hatukuulizwa.

Jibu la pili ni gumu zaidi kwa direksyo. Kule, mutoto aliyepakwa dawa ya feza ana mlango mwingine nyuma yake. Akitaka jino lifunikwe na simenti, liko. Akiwa na jipu, hopitali iko. Kwetu, kama kampani inaleta dawa ya feza kwa sababu ni rahisi, kisha inafunga mlango ule mwingine, basi yule ndugu ana haki: itakuwa dawa ya masikini. Chupa moja ya mililita 8 inatoa kadiri ya matone 250. Hata tukitoa yanayopotea, chupa moja inaweza kuwatosha watoto mia moja wa matenele kwa mwaka muzima, mara mbili kila mutoto, kama kila mumoja anastahili tone moja. Kitu rahisi vile, tunajua mupatro atakipenda. Tusikatae kwa sababu anakipenda. Lakini tusiruhusu kichukue mahali pa mengine yote.

Sisi watu wa mine tunafahamu. Mahali udongo unaanza kuanguka ndani ya galeri, unasimamisha miti ili usiendelee. Miti inaokoa watu. Lakini hakuna mutu anayesema galeri imetengenezwa. Dawa ya feza inasimamisha. Tundu linabaki tundu. Chakula kitaingia, mutoto anapashwa kupiga burashi hapo kila asubuhi na kila usiku kwa dawa ya meno yenye floridi, la sivyo tundu zingine zitatoka kando ya zile nyeusi. Na chai ya sukari mu biberon usiku itashinda dawa yoyote ile.

Na meno ya mbele? Hapa sisi tumebadili mawazo. Mwanzo tulitaka tuandike kama meno ya mbele yasipakwe kamwe. Lakini mama wa yule binti alitupa hesabu nzuri kutupita. Meno ya mbele ya maziwa yanadondoka kadiri ya miaka sita, saba. Binti yake alikuwa na mitano. “Mwaka moja na nusu ya kuchekwa,” alisema, “ao mwaka moja na nusu ya kulia usiku. Mi nilitaka tu baniulize.” Kwa meno ya nyuma hesabu ni ingine: yanakaa mpaka miaka kumi, kumi na mbili, yanatafuna, na yanachungia meno ya ukubwa nafasi yao. Hayo njo yenye kustahili kuokolewa mbele ya yote, na weusi wake hauonekani sana mutoto akicheka. Kwa mutoto wa miaka miwili mwenye meno ya mbele yaliyooza, weusi utakaa miaka mine ao mitano. Ni mzazi peke yake anayeweza kupima hiyo. Munganga amueleze, mzazi aamue, na akikataa, mutoto asifukuzwe ku dispanseri. Apewe njia ingine.

Tuliambiwa pia kama kuna dawa ya pili, ya iodi, inayopakwa ju ya ile ya feza ili kupunguza weusi. Iko, inapunguza kwa muda, lakini mara nyingi weusi unarudi, na haifai kwa mama mwenye mimba ao anayenyonyesha. Tusiwaahidi wamama kitu ambacho hakitabaki.

Kwa hiyo, tulipoitwa na direksyo, hatukudai malipo ya kila jino jeusi, sawa vile wengine walivyotaka. Tulidai programu irudi, na irudi kwa masharti, yaandikwe ndani ya konvansyo wala si mu mazungumuzo ya mudomo.

Sharti la kwanza: mbele ya kupaka, wazazi waitwe ku masomo siku wasiyo ku kazi, na posti ya usiku nayo ihesabiwe. Waonyeshwe picha ya jino mbele na nyuma ya kupakwa, la nyuma na la mbele, picha ya kweli isiyofichwa. Karatasi ya kukubali iandikwe kwa Kiswahili, yenye mistari miwili tofauti: nakubali meno ya nyuma, nakubali meno ya mbele. Mzazi anaweza kuweka alama ku moja na kukataa ingine.

Sharti la pili: kila mutoto awe na fishi yake, ambamo kila jino lililopakwa linaandikwa, na siku, na kama lilikuwa laini ao gumu. Kiisha miezi sita, fishi hiyo inafunguliwa tena na kila jino linaguswa. Bila fishi, yule anayekuja mara ya pili hatajua ni weusi gani wa zamani na ni tundu gani mupya. Na tarehe ya mara ya pili iandikwe siku ile ya kwanza. Kama kampani haina uhakika wa kurudi kiisha miezi sita, isianze.

Sharti la tatu: meno yasiyofaa dawa hii, yenye kijipu, yenye kuuma usiku, yenye kuvimba, karatasi yake iende mu mikono ya mzazi siku ile ile, na kampani ilipe kung'oa ao kutengeneza bila baba kukopa. Vilevile simenti ya kufunika itolewe kwa meno yanayoihitaji. Hili njo litakaloonyesha kama dawa ya feza imeletwa kusaidia watoto ao kupunguza gharama.

Sharti la ine: watoto wa wale wanaofanya kazi ku kampani ndogo za sutretansi wapakwe vilevile. Wako darasa moja na wetu. Haiwezekani munganga apite kati ya mabanji akiuliza baba yako anavaa kofia ya rangi gani.

Direksyo ilikubali la kwanza mbio, kwani halina gharama. La pili inasema “tutaona”. La tatu na la ine bado tuko nayo ju ya meza. Na hapa tunawaomba ndugu zetu wa kampani zingine, kutoka Kolwezi mpaka Likasi na Lubumbashi: kama dawa hii inafika kwenu, musiikimbie na musiipokee mukifunga macho. Uliza maswali matatu. Wazazi wameonyeshwa picha? Tarehe ya kurudi ni siku gani? Jino ambalo dawa haliwezi, nani atalilipa? Mukikosa jibu la moja, musitie sahihi.

Kwa wamama na wapapa ku nyumba, kazi moja ndogo. Jioni hii mutoto akiwa ju ya magoti, chukueni tochi, muinue mudomo wa juu, muangalie pale jino linapotokea ku ufizi. Alama nyeupe kama chokaa pale ni mwanzo wa uozo. Tundu la kahawa laini ni wakati wa kumuona munganga. Kijipu ju ya ufizi, musingoje programu yoyote, nendeni kesho.

Yule binti anaingia darasa la kwanza mwezi wa kenda. Jino moja la mbele jeusi limekwisha kudondoka, na lile la ukubwa linatoka, jeupe. Mama yake alilileta pa ofisi limefungwa mu kikaratasi, akaliweka ju ya meza ya delege. Tulilikwaruza na ncha ya kisu: gumu kama jiwe. Tutaenda nalo mu mukutano ujao na direksyo, pamoja na fishi yake.